Advansi ya mteja bado si mauzo

Fundi wa vitanda vya mninga hapa Tabora, mteja akikuachia advansi ya 300,000 kwa kitanda cha 900,000, usiiandike kwenye mauzo. Debiti fedha taslimu 300,000, krediti akaunti ya Advansi za Wateja, upande wa madeni, maana kitanda hajakipata na bado unadaiwa.

Siku ya kukabidhi, akimalizia 600,000: debiti Advansi za Wateja 300,000, debiti taslimu 600,000, krediti mauzo 900,000. Wengi hapa huandika mauzo ya 600,000 tu, advansi ikabaki inaning'inia. Mwisho wa mwezi linganisha salio la akaunti hiyo na advansi za oda ambazo hazijachukuliwa. Likizidi, kuna kitanda kimeshaondoka na advansi yake haijafungwa.