Kipa wa shule asimame wapi: zoezi la kamba mbili

Nimemaliza wiki tatu na kipa wa miaka 13 ambaye mikono yake haina shida, lakini karibu kila mechi alikuwa anafungwa goli la aina ileile: shuti la kutoka pembeni linalopenya kati yake na nguzo ya karibu. Kocha wake alimzidishia mazoezi ya kuruka. Tatizo halikuwa kuruka. Alikuwa anasimama pabaya kabla mpira haujapigwa.

Hatua ya 1: Mikono (dakika 5)

Mrushie mpira kwa mkono kutoka mita 5, kumi ya juu na kumi ya chini. Ya juu ya kiuno, vidole gumba vikaribiane nyuma ya mpira na viwiko viwe mbele ya mwili. Ya chini, vidole vielekee ardhini, vidole vidogo vikaribiane, na mpira uishie kifuani. Ukisikia mlio mkali wa kofi, viganja vimekakamaa. Anza bila glovu ili ausikie mpira.

Hatua ya 2: Kamba

Tafuta kamba mbili za mita 20. Funga moja chini ya kila nguzo, kisha zivute zote mbili hadi pale mpira ulipo. Umepata pembetatu, na kipa anaingia ndani yake. Mwambie asogee mpaka awe na umbali sawa kutoka kamba ya kulia na ya kushoto. Hapo ndipo mahali pake.

Hatua hii ilinipotezea muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nafundisha kwamba kipa asimame kwenye mstari unaotoka kwenye mpira hadi katikati ya goli. Kwa mpira ulio mbele ya goli ni sawa kabisa. Kwa mpira wa pembeni si sawa. Weka mpira mita 8 kutoka mstari wa goli, na mita 10 pembeni ya katikati ya goli. Nguzo ya karibu iko kama mita 10 kutoka kwenye mpira, ya mbali karibu mita 16. Ukifuata njia iliyo katikati ya kamba mbili mpaka kwenye mstari wa goli, unafika karibu sentimita 80 upande wa nguzo ya karibu kuliko katikati ya goli. Upenyo aliokuwa akifungiwa yule kijana ulitoka hapo.

Sasa msogeze mbele. Goli lina upana wa mita 7.32. Mpira ukiwa kwenye alama ya penalti, mita 11, kipa aliyetoka mita 3 ana kama mita 5.3 za kulinda kati ya kamba na kamba. Akitoka mita 5, zinabaki 4. Muache aone kwa macho yake jinsi kamba zinavyomkaribia.

Lakini usimwachie atoke ovyo. Mtambaa panya uko mita 2.44 na kipa wa shule ni mfupi, hivyo mpira wa kudokolewa utampita juu. Mpigaji akiwa ameinua kichwa na hasumbuliwi na beki, mita 3 zinatosha. Akiinamisha kichwa au akigusa mpira ukamtangulia, hapo ndipo kipa anapojiongezea hatua.

Weka mpira sehemu tano tofauti, akae mahali pake bila kamba kwanza, kisha vuta kamba kukagua. Koni hazifai kwa kazi hii; zinamzoesha kukimbilia koni badala ya kusoma mpira. Usipige mashuti kamba zikiwa zimevutwa, atajikwaa.

Hatua ya 3: Kutulia

Mguu wa mpigaji ukirudi nyuma, kipa asimame hapo alipo, miguu upana wa mabega, hata kama bado hajafika mahali sahihi. Anayepigiwa shuti akiwa anatembea hawezi kurukia upande wa mguu uliopo hewani. Simama nyuma ya goli utazame miguu yake tu.

Hatua ya 4: Sauti

Rusha mpira juu kwenye eneo la goli, kukiwa na beki mmoja na mshambuliaji mmoja. Kipa aite kabla mpira haujaanza kushuka. Akichelewa, rudia hata kama ameudaka.

Napendelea aite “Kipa!” badala ya “Wangu!”, kwa kuwa “Wangu!” anaweza kuisema yeyote, na beki hajui amwachie nani. Kama haendi, aseme “Ondoa!” Maneno hayo mawili yanatosha kwa mwezi wa kwanza. Akianza kuita lakini haendi, msimamishe papo hapo: beki ameshauacha mpira, na goli liko wazi.