TV ya inchi ngapi kwa sebule yako? Anza kupima kwenye jicho

Mteja akinipigia kuuliza anunue TV ya inchi ngapi, kwanza namuuliza anakaa umbali gani kutoka kwenye kioo. Wengi hunijibu kwa ukubwa wa chumba: "Futi kumi kwa kumi na mbili, fundi." Hicho kinamfaa mtu wa kuweka vigae. TV inapimwa kutoka kwenye jicho.

Tuchukue sebule moja ya nyumba ya kupanga, Tabata, Dar es Salaam. Sofa la watu watatu limeegemea ukuta mmoja, TV itakaa ukuta unaolitazama. Ukuta hadi ukuta ni sentimita 300. Pembeni kuna kiti cha mtu mmoja, kimesogea karibu zaidi na TV.

Hatua ya 1: Pima umbali wa kweli

Kaa kwenye sofa unavyokaa kila siku, umeegemea. Mwenzako ashike mwanzo wa tepu usawa wa jicho lako, wewe uivute hadi mahali kioo kitakapokuwa. Usiivute mpaka ukutani. Sofa lenye mto mnene linasogeza kichwa mbele, na TV ikiwa juu ya meza yake, kioo nacho kinatoka ukutani. Kwenye sebule yetu macho yapo sentimita 35 mbele ya ukuta wa nyuma, na kioo kitakuwa sentimita 25 mbele ya ukuta wa TV. Zile 300 zimebaki 240. Ukifunga kwa breketi bapa unarudishiwa sentimita 15 au zaidi kidogo, na kwenye chumba kidogo hizo si haba.

Kisha pima kiti kilicho karibu kuliko vyote. Hapa ni sentimita 160. Watu wengi huruka kipimo hiki, halafu kile kiti kinageuka cha kuwekea nguo, maana hakuna anayependa kukikalia.

Hatua ya 2: Gawa

```
inchi za juu kabisa  = umbali wa karibu (sm) ÷ 3
inchi za chini kabisa = umbali wa mbali (sm) ÷ 6
```

Kwa sebule yetu: 160 ÷ 3 ni 53, na 240 ÷ 6 ni 40. Kwa hiyo tunatafuta kati ya inchi 40 na 53, na madukani hapo katikati utakuta 43 na 50.

Hiyo 3 inatokana na upana wa picha machoni. TV za siku hizi zina umbo la 16:9, na ukikaa umbali wa sentimita 3 kwa kila inchi, picha inachukua karibu nyuzi 40 za upeo wa macho yako. THX, wanaokagua ubora wa kumbi za sinema, wanapendekeza kiasi hichohicho. Ukizidi hapo, mpira ukipigwa kutoka winga moja hadi nyingine unageuza shingo kuufuata. Hiyo 6 ni mpaka wangu mwenyewe, nimeuchukua kwa kuangalia watu: TV ikiwa ndogo kuliko hapo, aliye mbali anaanza kuinama mbele kusoma matokeo yaliyoandikwa kwenye kona.

Anayependa filamu kuliko taarifa ya habari agawe umbali wa sofa lake kwa 4. Atapata picha ya nyuzi 30 hivi, inayomjaa machoni bila kumchosha. Kwetu hapa ingekuwa inchi 60, lakini kiti cha pembeni kinakataa.

Hatua ya 3: Angalia unachokitazama kina ubora gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Jicho zima linatofautisha vitu vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa hiyo kila ubora wa picha una ukubwa wake, ambapo jicho linaona kila kilichomo na haliulizi zaidi. Namba za hapa chini ni idadi ya mistari ya picha kutoka juu hadi chini, na SD ni ile picha ya kawaida isiyo HD. Gawa umbali wako wa sentimita hivi:

```
SD (576)    ÷ 7.5
720         ÷ 6
1080        ÷ 4
4K (2160)   ÷ 2
```

Kwa sentimita 240 tunapata inchi 32, 40, 60 na 120. Tafsiri yake ni hii: chaneli ya SD kwenye inchi 32 inaonekana safi; ipandishe kwenye inchi 50 na majani ya uwanja yanageuka uji wa kijani, namba za jezi zinavimba kingo. Upande wa pili, picha ya 4K kwenye inchi 43 kutoka kwenye sofa lile huitofautishi na ya 1080. Ukikuta bei ni moja, chukua 4K, lakini usiongeze laki kwa ajili ya pikseli ambazo jicho lako halizifikii.

Kujua ubora unaoupata, usitegemee kilichoandikwa kwenye boksi la TV. Kwenye kisimbuzi, bonyeza kitufe cha taarifa na utafute alama ya HD kwa kila chaneli unayoipenda, maana ndani ya kifurushi kimoja nyingine zina HD na nyingine hazina. Kwenye YouTube, fungua `Stats for nerds` usome mstari wa `Current / Optimal Res`. Anayebana bando mara nyingi atakuta `1280x720` au chini ya hapo.

Wenye sebule yetu wanaangalia mpira kwenye kisimbuzi cha SD, na usiku tamthilia za 720 kwenye fleshi. Niliwaambia wachukue 43. Wakihamia kisimbuzi cha HD, 50 ingefaa. Wa kwenye kiti cha pembeni ataona ukungu kidogo kwenye SD hata kwa 43. Hilo halina dawa isipokuwa kukisogeza kiti.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa khanga kabla ya kulipa

Inchi zinapimwa kutoka kona hadi kona ya picha, hazikwambii upana. Zidisha inchi kwa 2.2 upate upana wa sentimita, na kwa 1.25 upate kimo. Inchi 43 ni kama 95 kwa 54, inchi 50 ni 110 kwa 62, bila fremu.

Kunja khanga kwa vipimo hivyo, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi wa karatasi, kaa sehemu zote mbili ulizopima, na uiache hapo mpaka usiku. Mlango ukifunguliwa unaigonga? Pazia linaifunika? Jaribio hili linakufaa kuliko kusimama dukani, kwa sababu ukumbi wa duka ni mkubwa na TV ya 50 imepangwa jirani na ya 75, basi inaonekana kama ya mtoto.

Wakati khanga iko ukutani, pima na urefu wa kuitundika. Ukiwa umekaa, macho yako kwa kawaida yako sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na katikati ya kioo kunatakiwa kuwe hapohapo au chini kidogo. Kuning'iniza TV karibu na dari ni mtindo wa baa, ambako watu wamesimama na TV inabidi ionekane juu ya vichwa vyao.

Kama itakaa mezani, bado kuna kipimo kimoja. TV nyingi siku hizi zina miguu miwili iliyotupwa pembeni kabisa, si kitako cha katikati. Muulize muuzaji umbali kati ya miguu hiyo au uipime mwenyewe dukani, kisha ulinganishe na meza yako. TV ikizidi meza kwa upana si tatizo, mguu ukikosa pa kukanyaga hapo utahitaji breketi.