Sentensi moja kwa kila slaidi: somo la kutengeneza ramani ya wasilisho refu

Tutumie mfano wa wasilisho la slaidi 64 la kuwafundisha wafugaji wa samaki wa vizimba hapa Kisumu. Mafunzo ni ya siku mbili na wakufunzi wanapokezana. Siku ya pili mchana mfugaji ananyoosha mkono: "Mwalimu, turudishie ile grafu ya oksijeni ya usiku." Mkufunzi ambaye hakuifundisha sehemu hiyo anaanza kurudi nyuma slaidi moja moja huku ukumbi mzima ukimtazama.

Dawa yake ni karatasi yenye namba ya kila slaidi na sentensi moja mbele yake. Mkufunzi anapitisha jicho, anaona 18, anabonyeza 18 kwenye kibodi kisha Enter, na slaidi inatokea. Wasilisho likiwa kwenye skrini nzima, njia hii inafanya kazi kwenye PowerPoint, Google Slides na LibreOffice Impress. Kwa hiyo namba ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote, na ndipo tunapoanzia.

Hatua ya 1: Hakikisha namba

Usiandike sentensi hata moja kabla mpangilio wa slaidi haujakubaliwa. Kisha angalia kama kuna slaidi zilizofichwa. Slaidi iliyofichwa hairukwi katika kuhesabu: kama ya 9 imefichwa, inayofuata bado ni ya 10. Lakini ukihifadhi wasilisho kama PDF bila zile zilizofichwa, ukurasa wa 9 wa PDF unakuwa slaidi ya 10, na kuanzia hapo kila kitu kinapishana kwa moja. Fanya kazi ukitazama faili lenyewe la wasilisho.

Fungua waraka mpya na utengeneze orodha yenye namba za kujiandika zenyewe. Kila slaidi ipate mstari wake, hata jalada, hata ile yenye maneno "Sehemu ya Pili" peke yake. Ukimaliza, namba ya mwisho lazima iwe 64. Ikiwa 63, kuna slaidi umeiruka.

Hatua ya 2: Pitia yote bila kuandika

Lengo ni kujua slaidi zipi zinafanana. Hizo ndizo zitakazokusumbua, na kwa kawaida hukaa jirani.

Hatua ya 3: Andika sentensi

Hapa ndipo pa kutulia. Katika mfano wetu, slaidi ya 17 hadi ya 20 zote zina kichwa kimoja: "Ubora wa Maji". Anayeandika kwa haraka hutoa kitu kama hiki:

17. Inaeleza ubora wa maji.
18. Inaendelea na ubora wa maji.
19. Grafu na picha kuhusu maji.
20. Jedwali la ubora wa maji.

Hakuna uongo hapo, lakini huwezi kupata chochote. Mfugaji aliyeuliza kuhusu oksijeni ya usiku atakufanya ufungue zote nne. Sasa tazama hizi:

17. Ngege hupoteza hamu ya kula oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita.
18. Grafu: oksijeni hupungua usiku kucha na kufika chini kabisa karibu na alfajiri.
19. Picha: jinsi ya kushusha sahani nyeusi-nyeupe majini kupima ung'avu.
20. Jedwali tupu la kujaza joto na oksijeni, asubuhi na jioni.

Kila sentensi inabeba jambo ambalo slaidi za jirani hazina. Ya 17 inasema jambo lenyewe, siyo kwamba slaidi "inaeleza" jambo. Kama kuna grafu, andika mstari unaelekea wapi, kwa sababu mtu hukumbuka umbo hata akisahau tarakimu. Neno "Grafu", "Picha" au "Jedwali" likae mwanzoni, maana watu wengi huuliza hivyohivyo: "ile yenye picha".

Tumia maneno ya muulizaji. Slaidi ikiwa imeandikwa tilapia na ukumbi unasema ngege, andika ngege. Nami hujitahidi sentensi isivuke mstari mmoja wa karatasi. Jicho likilazimika kushuka mstari wa pili, kasi inapotea.

Tarakimu weka pale tu inapotafutwa. Ile miligramu 3 inabaki kwa kuwa ndiyo wafugaji wanaiuliza. Bei za vyakula vya samaki kwenye slaidi ya 41 hazina haja ya kuandikwa zote. "Jedwali la bei za chakula kwa ukubwa wa punje" inatosha kumfikisha mtu.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa maswali

Mpe karatasi mwenzako ambaye hakuiandika, mwulize maswali ya ukumbini: "Samaki wakielea wanahema juu ya maji nifanye nini?" "Kizimba kikae umbali gani na kingine?" Asiguse kompyuta mpaka ataje namba. Akitaja namba mbili, sentensi hizo mbili hazijatofautiana. Ziandike upya zote pamoja. Asipotaja yoyote, ama neno la muulizaji halimo, ama jambo hilo limezikwa ndani ya slaidi yenye mengi.

Kisha tenganisha sehemu kwa vichwa vifupi vya herufi nzito, uchapishe. Hakikisha namba hazianzi upya kutoka 1 chini ya kila kichwa.

Maswali ya wanachama

*Mkufunzi, Kakamega:* Kwa nini nisinakili tu kilichoko kwenye Outline View ya PowerPoint?

Kwa sababu Outline View huonyesha maandishi yaliyo kwenye nafasi za kichwa na maelezo za mpangilio wa slaidi tu. Maneno ya kisanduku ulichochora mwenyewe hayatokei, wala yaliyo ndani ya grafu au picha. Slaidi yetu ya 18 ingebaki "Ubora wa Maji" basi. Ni nzuri kwa kupata vichwa haraka, lakini sentensi uandike ukitazama slaidi yenyewe.

*Afisa wa ufuo, Usenge:* Slaidi za 31 hadi 35 ni mchoro uleule wa kizimba unaoongezwa kipande kimoja kimoja. Nazo nizipe sentensi tano?

Ndiyo, lakini sentensi itaje kilichoongezwa tu: "Kizimba: fremu peke yake", "Mapipa ya kuelea yameongezwa", "Wavu umefungwa", "Nanga na kamba zake", "Kizimba kamili na wavu wa kuzuia ndege". Anayetaka mchoro mzima ataenda 35 moja kwa moja.

*Mwalimu, Nakuru:* Slaidi yangu ina mambo mawili yasiyohusiana. Sentensi moja inakataa.

Basi sentensi imekuonyesha kasoro ya slaidi. Kama una ruhusa, ikate iwe mbili kabla hujaendelea, kwa kuwa namba zitasogea. Kama huna, andika lile ambalo kichwa cha slaidi hakilitaji. Lile ambalo kichwa kinalitaja watu watalikisia kutokana na sehemu lilipo.

*Mratibu wa mafunzo, Homa Bay:* Wakiongeza slaidi katikati baada ya kuchapisha?

Kwenye waraka, ongeza mstari mahali pake na namba za chini zitajisogeza. Karatasi zilizokwisha gawiwa ndizo tatizo, kwa hiyo andika tarehe ya toleo juu ya kila ukurasa. Mafunzo yakiwa kesho, weka slaidi mpya mwisho kabisa iwe ya 65, na mkufunzi aifuate kwa namba. Itahamishiwa mahali pake toleo lijalo likichapishwa.