Maziwa ya kopo, maziwa mazito na ya unga: ni yapi mfugaji ayajaribu nyumbani?

Mvua zikikolea, majani yanakuwa mengi na maziwa yanazidi wanunuzi. Hapo ndipo watu huuliza kama yanaweza kugeuzwa kuwa ya kopo au ya unga.

Ya unga yaachieni kiwanda. Maziwa hupunguzwa maji kwanza, kisha hunyunyizwa kwa matone madogo mno ndani ya mnara wenye hewa ya moto, maji yakakauka mara moja. Lita 8 hivi za maziwa yasiyotolewa mafuta hutoa kilo 1 tu ya unga. Kuyarudisha, gramu 125 kwa lita ya maji zinatosha.

Maziwa ya kopo yasiyo na sukari hutolewa zaidi ya nusu ya maji yake, yakafungwa ndani ya kopo, ndipo kopo lenyewe hupashwa kwa mvuke wa shinikizo, takriban nyuzi 115 hadi 118. Sufuria ya kawaida haifiki huko. Ukiyafunga tu kwenye chupa na kuyaweka kabatini, unaweza kufuga vijidudu hatari usivyoviona wala kuvinusa. Ukinunua ya dukani, changanya na maji sawa kwa sawa kwa chai au uji.

Yanayobaki ni maziwa mazito matamu. Haya hayahitaji joto hilo, kwa sababu sukari, karibu nusu ya uzito wake, huwanyima vijidudu maji.

Chukua lita 5 za maziwa ya asubuhi hiyohiyo. Chemsha kijiko kimoja pembeni kwanza. Yakikatika, lita zote zimeshaanza kuchacha, usipoteze sukari. Kabla hujaanza, mimina lita 1 na robo tatu ya maji kwenye sufuria pana, simamisha mwiko, utie alama maji yanapofika, kisha uyamwage. Sasa pika maziwa kwa moto mdogo ukikoroga hadi chini. Yakifika nusu, tia kilo 1 ya sukari. Ukiitia mapema maziwa huwa ya kahawia na kushika chini. Yakishuka hadi kwenye alama, epua. Ukiwa na mizani, yawe kama kilo 2.2.

Kupoza ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Yakiachwa yapoe yenyewe polepole, sukari ya maziwa hufanya chembe kubwa, na ulimi unahisi mchanga. Weka sufuria kwenye karai la maji baridi na usiache kukoroga mpaka yawe vuguvugu.

Hifadhi kwenye friji, kwenye chupa iliyochemshwa, uyamalize ndani ya wiki mbili. Jikoni kwetu hakuna usafi wa kiwanda. Yanafaa chai na keki. Mtoto mchanga asipewe hata yakizimuliwa: ni sukari tupu kwake.