Hatari moja usiikate mara mbili: makadirio ya woga juu ya reti kubwa ya diskaunti

Wakuu, hili kosa nakutana nalo sana kwenye mahesabu ya miradi. Mtu anapunguza mapato "tusije tukaumia", halafu akifika kwenye reti, ile asilimia ya kushushia mapato ya miaka ijayo yawe thamani ya leo, anaongeza asilimia tano kwa hofu ileile, na mradi mzuri unakufa kwenye karatasi. Twende na mfano wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida, namba nimeziweka rahisi ili tufuatane.

Mtaji ni milioni 60, mashine itafanya kazi miaka 5 afu basi, haina thamani tena.

Hatua ya 1: kila hatari ipewe sehemu moja tu. Chukua karatasi, andika hatari zote zinazokunyima usingizi: mvua kugoma na mbegu kupanda bei, mashine kuharibika katikati ya msimu, mafuta ya nje kushusha bei sokoni, uchumi mzima kuyumba. Mbele ya kila moja andika "keshi", yaani makadirio ya mapato ya kila mwaka, au "reti". Mimi zile za kiwanda chenyewe, kama mvua na mashine, naziweka kwenye keshi kwa sababu naweza kukadiria zinatokea mara ngapi na zinakula kiasi gani. Reti naiachia muda pamoja na ile hatari ya jumla inayopiga biashara zote kwa pamoja. Hatari ikiandikwa pande zote mbili, futa upande mmoja hapohapo kabla hujagusa Excel.

Hatua ya 2: tafuta wastani, usiweke namba ya woga. Hapa ndo watu wanateleza. Tuseme mwaka mzuri unaleta milioni 26 na uwezekano wake ni 30%, mwaka wa kawaida milioni 21 kwa 50%, mwaka wa ukame milioni 8.5 kwa 20%.

```
=0.3*26+0.5*21+0.2*8.5
```

Jibu ni 20. Ona kwamba iko chini ya ile 21 ya mwaka wa kawaida, yaani ukame umeshalipiwa humo ndani. Ukiishusha tena mpaka 17 "kwa usalama" utakuwa umeukata ukame mara ya pili, na reti bado hatujaigusa.

Hatua ya 3: jenga reti kipande kwa kipande. Tuchukue 11% ya bondi ya serikali, tuongeze 4% ya hatari ya biashara kwa jumla, inakuwa 15%. Kila kipande kiwe na jina, maana asilimia isiyo na jina mara nyingi ni ile hatari uliyoshaikata kwenye keshi imerudi kwa mlango wa nyuma. Na kama reti ina mfumuko wa bei ndani yake (ya bondi inao), basi mapato nayo yawe na mfumuko.

```
=PV(0.15,5,-20)
```

Inatoka thamani ya leo ya milioni 67.04, toa mtaji wa 60, mradi unabaki na faida ya kama milioni 7. Sasa weka 17 badala ya 20 na reti 20% badala ya 15%: unapata 50.84, yaani hasara ya milioni 9 na zaidi. Kiwanda ni kilekile na ukame ni uleule!

Hatua ya 4: pima woga wako jumla ni kiasi gani. Hiki kipimo nakipenda kuliko vyote. Chukua ile thamani ya 50.84, uliza ni reti gani ingeileta kama mapato yangebaki kwenye wastani wa 20:

```
=RATE(5,20,-50.84)
```

Inakuja karibu 28%. Kwa hiyo yule anayesema "natumia 20%" kiuhalisia anadai 28, na hajui. Mwambie hiyo namba mwenye mradi, muulize kama kweli anaitaka. Akishindwa kukueleza zile asilimia 13 juu ya 15 ni za nini, rudi hatua ya 1.

Angalia na hili: reti inakata kwa kujirudia. Kutoka 15 kwenda 20 mwaka wa kwanza inapunguza thamani ya keshi kwa kama 4%, ila mwaka wa tano ni kama 19%. Ukame hauzidi kila mwaka namna hiyo, ndo maana hatari kama hii inakaa vizuri zaidi kwenye keshi.

Kama unapenda makadirio ya woga, njia ipo: shusha keshi mpaka kiasi ambacho ungekubali kukipokea kwa uhakika badala ya kubahatisha, halafu tumia reti ya bondi tupu, ile 11%, bila nyongeza. Hata kanuni ya uhasibu IAS 36 inakataza reti kubeba hatari ambayo keshi imeshaibeba.

Benki wakitaka kuona mwaka mbaya kama utaweza kulipa rejesho, hilo ni swali tofauti, wape ile 8.5 kwenye ukurasa wake. Isiingie kwenye hesabu ya thamani.