Nduthi au Pikipiki? Kuamua Sheng Ikae Wapi Kwenye Kichwa cha Video

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye video yake iko tayari kupandishwa YouTube na kilichobaki ni kichwa tu. Nitaifuata video moja mwanzo hadi mwisho. Fundi wa pikipiki hapa Kisauni ameonyesha namna ya kuseti kabureta ya Boxer 150 inayomaliza mafuta haraka. Kichwa alichoniletea ni hiki:

```
Nduthi Inakunywa Mafuta Ka Maji? Form Ni Hii
```

Kina ladha, sikatai. Kijana wa boda pale steji ya Bombolulu akikiona atacheka, na huenda akabofya. Tabu ni kwamba kijana huyo lazima kwanza akione, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Hatua ya 1: Jua mtazamaji anakujaje

Mtu huifikia video kwa njia kuu mbili. Ama ameitafuta, yaani pikipiki imemsumbua, ametoa simu na kuandika shida yake. Ama ameletewa: alikuwa anapitisha kidole kwenye ukurasa wa mwanzo, au ametumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp.

Anayetafuta huandika jina la kitu na shida yake, basi. Aliyeletewa hajaandika chochote. Yeye anaamua kwa nukta moja kama hii ni ya watu wake au si yake, na Sheng hufanya kazi nzuri mno hapo. Neno moja tu, "nduthi", linamwambia kuwa anayezungumza ni wa mtaani.

Video ya fundi wetu ni ya kutafutwa. Hakuna anayetazama kabureta ikifunguliwa ili apitishe wakati. Isitoshe, shida hii haina msimu: pikipiki itakula mafuta mwaka huu na mwaka ujao, na video inaweza kuendelea kupata watu muda wote huo. Ingekuwa kichekesho cha abiria na makanga wa Likoni, ningemwachia kichwa chake jinsi kilivyo.

Hatua ya 2: Kusanya maneno wanayoandika watu, si wanayosema

Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anayesema "nduthi" kutwa nzima stejini anaweza kuandika "pikipiki" au "boda" akishika simu, na fundi akitafuta kipuri huandika jina la modeli. Usikisie. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili historia yako isiingilie, nenda YouTube, kisha anza kuandika bila kumaliza:

```
pikipiki inaku
nduthi inaku
boxer 150 carb
```

Tazama mapendekezo yanayojitokeza chini. Yanatokana na vitu ambavyo watu hutafuta. Neno lisiloleta pendekezo lolote la maana ni dalili kwamba wanaoliandika ni wachache. Rudia kwa tahajia tofauti, kwa sababu Sheng haina kamusi inayomlazimisha mtu. Matatu peke yake utaikuta `mathree`, `ma3` na `mat`. Mtambo wa kutafuta wakati mwingine hutambua kuwa ni kitu kimoja, lakini usiweke dau lako hapo. Watafutaji wakishagawanyika kwa tahajia tatu, ukiandika moja unaweza kuwakosa wengine.

Halafu nenda Google Trends, chagua `Kenya`, badilisha `Web Search` iwe `YouTube Search`, na ulinganishe "pikipiki" na "nduthi" kwa miezi 12. Namba za 0 hadi 100 utakazoziona si idadi ya watu. Ni uwiano tu, ambapo 100 ni kilele cha kipindi hicho. Ukijaribu kushuka hadi Mombasa peke yake, kwa maneno ya namna hii mara nyingi data haitoshi, kwa hivyo soma ya nchi nzima. Baada ya hapo badilisha nchi iwe `Tanzania`. Kwa video hii ni muhimu, maana Boxer zimejaa huko pia na kabureta ni ile ile. Mtu wa Tanga anaielewa "pikipiki inakula mafuta" bila kufikiri. Ukimwambia "nduthi" umemfungia mlango.

Hatua ya 3: Andika neno kwenye kisanduku uone linakuweka na nani

Usiishie kwenye mapendekezo. Bonyeza utafute kweli, utazame video 10 za kwanza. Ukiandika `mat` unaweza kuletewa mikeka na mazulia. Fundi alitaka kuongeza "kwa ngiri moja tu" kwenye kichwa, akimaanisha shilingi 1,000. Kenya wengi wanaielewa, lakini tafuta `ngiri` na utajikuta pia kwa mnyama wa porini mwenye meno yaliyochomoza kama pembe, na kwa dawa za ugonjwa wa ngiri. Hata "soo", ambayo kwetu ni shilingi mia, Bongo ni balaa au aibu. Pesa ziandike kwa tarakimu: `1,000` haina lahaja.

Jirani zako kwenye matokeo wakiwa wa mada nyingine kabisa, neno hilo liondoe kwenye kichwa hata kama unalipenda.

Hatua ya 4: Panga kichwa

YouTube inakubali herufi 100, ila kwenye simu kichwa kirefu hukatwa. Mimi huhakikisha herufi 40 za mwanzo zinajitosheleza: kitu na shida yake. Modeli na suluhisho hufuata. Tukatoka na hiki:

```
Pikipiki inakula mafuta sana? Seti kabureta ya Boxer 150
```

Herufi 56 tu. "Inakula mafuta" si lugha ya kitabuni iliyokauka. Ni lugha ya gereji, na ndiyo faida ya Kiswahili kwa kazi hii: huhitaji Sheng ili usikike kama mtu. Nasisitiza hili kwa sababu baadhi ya watu wakitoa Sheng hukimbilia "Namna ya Kupunguza Matumizi ya Mafuta kwenye Pikipiki", wakapoteza pande zote mbili. Hakuna mtu anayeandika hivyo kwenye simu akiwa na mikono ya oili.

Fundi hakufurahi. "Kaka, hapo umenitoa mtaani," akaniambia. Ana haki, na hatua inayofuata ni yake.

Hatua ya 5: Sheng ihamie pale isipozuia kutafutwa

Mahali pa kwanza ni picha ya jalada. Maneno yaliyochorwa kwenye picha yanasomwa na jicho, na kazi ya kutafutwa tumeshaiachia kichwa, kwa hivyo hapo una uhuru. Tuliweka maneno mawili makubwa, NDUTHI INAKUNYWA!, juu ya picha ya kabureta iliyofunguliwa. Aliyetafuta amekipata kichwa, na kijana wa steji ameiona lugha yake.

Mahali pa pili ni maelezo chini ya video, mistari ya kwanza:

```
Pikipiki yako inakula mafuta kuliko kawaida? Leo tunaseti
kabureta (carburetor) ya Boxer 150. Hii ni nduthi ya boda
wa Kisauni, Mombasa, inayofanya kazi kila siku.
```

Umeona yamepita maneno yote ambayo mtu angeweza kuandika, pamoja na ile tahajia ya Kiingereza ambayo mafundi wengi huitumia wakitafuta vipuri, na bado ni sentensi za mtu anayeongea. Usirundike maneno matupu yakafuatana kwa mikato. Kanuni za YouTube zinakataza. Kile kisanduku cha `Tags` unaweza kukijaza tahajia tofauti za nduthi, lakini YouTube yenyewe inasema mchango wake ni mdogo, hasa ni kwa maneno yanayokosewa kuandikwa.

Hatua ya 6: Soma matokeo, usibahatishe

Ngoja wiki mbili tatu. Ndani ya YouTube Studio, fungua takwimu za video hiyo, utazame `Traffic source types`. Ukibonyeza `YouTube search` utaona maneno halisi yaliyowaleta watu. Kwa fundi wetu orodha ilijaa "pikipiki" na "boxer" kwa namna mbalimbali.

Kisha linganisha vitu viwili: `Impressions`, yaani mara ambazo jalada lako limepita mbele ya macho ya watu, na `Impressions click-through rate`, asilimia ya mara hizo zilizozaa mbofyo. Mibofyo ikiwa juu lakini jalada limepita mbele ya wachache mno, kichwa kinawapendeza walio ndani tu. Huenda Sheng imekubana. Jalada likipita mbele ya wengi na mibofyo ikawa duni, unafika mbali lakini huvutii, na hapo ndipo pa kuongeza chumvi kwenye picha. YouTube inasema nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10. Pia asilimia hushuka yenyewe video ikianza kuonyeshwa kwa wageni, kwa hivyo usipanike ukaanza kubadilisha kila siku. Badilisha kitu kimoja, kichwa au picha, andika tarehe, na usubiri.

Pale Sheng inapokuwa ndilo jina lenyewe

Kuna maneno ambayo ukiyatoa unaharibu. Mpenzi wa matatu zilizochorwa na kufungwa muziki mkubwa huandika "nganya". Ukimwekea "matatu" unaimwaga video yako katikati ya habari za nauli na migomo. Neno hilo limekuwa la fani, basi lianze mwanzo wa kichwa, bila kuomba radhi.

Na tusidhani Sheng pekee ndiyo inayobana. Maneno yetu ya Pwani hubana vilevile. Dada wa Mji wa Kale anayeandika "mahamri" anawapata wanaoyajua, ila kuna wengi bara na Tanzania wanaotafuta "maandazi". Yeye nilimshauri aanze na "Mahamri laini ya iliki", kwa kuwa wateja wake wako Mombasa hapa hapa, na maandazi yakae kwenye maelezo. Wateja wake si wa kuongezewa kwa kuitwa kutoka mbali. Sheng ya Nairobi kwenye video hiyo ningeikataa kabisa. Wamama wanaomnunulia wangeiona ni ya bara, na wasingebofya.

Kwa video za zamani zenye vichwa vya Sheng, kabla hujagusa kitu fungua kwanza ile orodha ya `YouTube search`. Neno la Sheng likiwa miongoni mwa yanayoleta watu, liache mahali pake na uongeze jina la kawaida baada yake. Likiwa halimo, na neno lenyewe limeshapitwa na wakati, badilisha mwanzo wa kichwa tu, na picha uiache kwanza hadi uone orodha imesogea.