Mkopo unaogeuka hisa, SAFE, au hisa moja kwa moja: piga hesabu kabla ya kusaini

Waanzilishi wengi huniletea mkataba wa mkopo unaogeuka hisa wakiwa wamekwisha kuusaini, na ninapowauliza mwekezaji atamiliki asilimia ngapi, hujibu kuwa hilo litajulikana baadaye. Ni kweli kwamba bei ya hisa itajulikana baadaye. Lakini mipaka ya bei hiyo imeandikwa tayari kwenye mkataba, na mtu anaweza kuipigia hesabu kwa kalamu na karatasi. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: kampuni changa ya Dar es Salaam, yenye waanzilishi wawili wanaomiliki hisa 1,000,000 kwa pamoja, ambayo inahitaji shilingi milioni 60.

Hatua ya 1: Anza na hesabu ya hisa za moja kwa moja

Fanya hivi hata kama huna nia ya kutoa hisa sasa, kwa sababu hesabu hii ndiyo kipimo cha nyingine zote. Tuseme pande mbili zimekubaliana kuwa kampuni ina thamani ya milioni 240 kabla ya fedha kuingia. Hisa moja ni shilingi 240, kwa hiyo milioni 60 zinanunua hisa 250,000, na mwekezaji anapata asilimia 20 ya kampuni ambayo sasa ina thamani ya milioni 300.

Mwaka mmoja na nusu baadaye anakuja mwekezaji mkubwa na milioni 200, akikubali thamani ya milioni 600 kabla ya fedha zake. Bei inakuwa shilingi 480 kwa hisa, naye anachukua asilimia 25. Waanzilishi wanabaki na asilimia 60, na mwekezaji wa kwanza ana asilimia 15.

Ubaya wa njia hii ni kazi yake. Ni lazima mkubaliane thamani ya kampuni ambayo pengine haijauza chochote, mpitishe maazimio, muandike mkataba wa wanahisa, na muwasilishe taarifa ya ugawaji wa hisa BRELA. Uzuri wake ni kwamba jambo limekwisha: kila mtu anajua anamiliki nini, na hakuna deni.

Hatua ya 2: Geuza mkopo kuwa hisa kwenye karatasi

Sasa tuchukue milioni 60 zilezile kama mkopo wa miezi 24, wenye riba ya kawaida ya asilimia 10 kwa mwaka, punguzo la asilimia 20, na kikomo cha thamani cha milioni 300. Kikomo kinamaanisha kwamba hata kampuni ikithaminiwa zaidi ya hapo, mkopeshaji atapata hisa zake kana kwamba thamani ni milioni 300. Punguzo linampa bei iliyo chini ya ile atakayolipa mwekezaji mpya kwa asilimia 20. Kwa kawaida mkopeshaji hatumii vyote viwili kwa pamoja, bali hupata bei iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Hakikisha mkataba wako unasema hivyo waziwazi.

Baada ya miezi 18 riba imefika milioni 9, na deni ni milioni 69. Bei ya kikomo ni milioni 300 kugawanywa kwa hisa 1,000,000, yaani shilingi 300. Deni linageuka hisa 230,000.

Hapa ndipo ugomvi hutokea. Je, milioni 600 za mwekezaji mpya zigawanywe kwa hisa 1,000,000 za waanzilishi pekee, au kwa 1,230,000 pamoja na zile zilizotokana na mkopo? Ukitumia hesabu ya kwanza, bei yake ni shilingi 600, na anaishia na asilimia 21 na kidogo badala ya 25 alizotarajia. Sijaona mwekezaji mwenye mwanasheria mzuri akikubali hilo. Ukitumia ya pili, bei ni takriban shilingi 488, punguzo lingempa mkopeshaji bei ya takriban 390, na bei ya kikomo ya 300 bado ndiyo ndogo. Mwekezaji mpya anapata hisa 410,000, sawa na asilimia 25, mkopeshaji asilimia 14, na waanzilishi asilimia 61. Anayelipia hisa za mkopo hapo ni mwanzilishi, si mgeni.

Hatua ya 3: Ikiwa ni SAFE, tafuta neno “baada”

SAFE ni mkataba ambao mwekezaji hutoa fedha sasa kwa ahadi ya kupewa hisa baadaye; ilianzishwa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza katika kampuni changa, mwaka 2013. Haina riba wala tarehe ya kuiva, na si deni. Mwaka 2018 waliibadilisha, na toleo linalotumika sana sasa hupima kikomo baada ya fedha za SAFE kuhesabiwa. Milioni 60 kwa kikomo cha milioni 300 cha namna hiyo ni asilimia 20 kamili kabla ya awamu ijayo ya uwekezaji, sawasawa na ile hisa ya moja kwa moja kwa thamani ya milioni 240. Anayedhani ametoa kwa thamani ya milioni 300 kabla ya fedha amejidanganya.

Mtego mkubwa uko kwenye SAFE ya pili. Tuseme baadaye unachukua milioni 30 nyingine kwa kikomo kilekile, yaani asilimia 10. Mwenye SAFE ya kwanza anabaki na 20 zake, na waanzilishi wanashuka hadi 70. Kama mngetoa hisa za moja kwa moja, mwekezaji wa kwanza angepungua pamoja nanyi: yeye 18, ninyi 72. Kwa hiyo weka jedwali la umiliki linaloonyesha kila SAFE iliyosainiwa, hata ile ndogo ya mjomba.

Hatua ya 4: Angalia kama hisa zinaweza kutolewa kisheria

Soma katiba ya kampuni uone mtaji ulioidhinishwa. Kama hisa zote zilizoidhinishwa zimekwisha kutolewa, ahadi ya kugeuza mkopo haina mahali pa kukaa mpaka wanahisa wapitishe azimio la kuongeza mtaji. Lipitishwe kabla ya fedha kupokelewa, wakati wote bado wanapatana.

Mkopeshaji akiwa nje ya nchi, tuseme Maskati au Toronto, mkopo unaozidi siku 365 unatakiwa kusajiliwa Benki Kuu ya Tanzania kupitia benki yako ya biashara, ili upewe namba ya kumbukumbu ya deni. Muulize pia mhasibu kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba, maana riba iliyogeuzwa hisa haikuacha fedha taslimu za kuilipia.

Hatua ya 5: Andika kitakachotokea awamu isipokuja

Kampuni nyingi hazipati mwekezaji mkubwa, na baadhi hazimhitaji kwa sababu zinajiendesha kwa faida. Mwenye SAFE basi anaweza kukaa miaka bila hisa wala kura, huku mwenye mkopo akifika mwezi wa 24 akiwa na haki ya kudai milioni 72. Dalili ya hatari ni mkataba unaosema tu kwamba deni “litalipwa likiiva”. Mimi huomba kifungu kinachosema kwamba siku hiyo, kama hakuna awamu iliyofungwa, deni ligeuke hisa kwa bei ya kikomo: milioni 72 kwa shilingi 300 ni hisa 240,000, yaani asilimia 19.4 ya kampuni, karibu sawa na zile 20 za hatua ya kwanza.